Mchicha wa Likizo ya Juni

Nilipokuwa kidato cha pili, nina miaka 15, nilitaka hela yangu mwenyewe. Si kwamba nyumbani tulikosa chakula. Nilitaka njumu za mtumba pale soko la Memorial, na nilishachoka kumwomba baba nauli ya mazoezi kila Jumamosi huku akiniuliza ile ya wiki iliyopita iliishia wapi. Tulikuwa tunakaa Pasua, upande wa chini wa mji wa Moshi, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kitupu ambacho mama alikuwa akianikia nguo.

Wenzangu wengi walizungumzia kuku wa nyama. Mimi niliangalia kalenda. Shule hufungwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo una wiki nne hivi mkononi. Kuku wa nyama anakula wiki nne hadi sita kabla hajauzika, na kila siku anataka chakula cha kununua. Ukinunua vifaranga siku shule inapofungwa, wanafikia kuuzwa wewe umesharudi darasani, na anayebaki kuwatafutia wateja ni mama yako. Mchicha ukipata joto unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Hakuna mboga nyingine ninayoijua ambayo inaingia na kutoka ndani ya likizo moja bila kumwachia mtu mzigo, na hiyo tu ndiyo sababu nilichagua mchicha. Sikuupenda hata kuula.

Nilipomwambia baba, hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Niandikie." Nikaandika ukurasa mmoja kwenye daftari: nitalima nini, wapi, mtaji kiasi gani, nani atanunua. Baba akausoma akiwa amekaa kibarazani, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuongeza masharti pembeni kana kwamba anasahihisha mtihani. Daftari lile bado ninalo.

Sharti la kwanza lilikuwa kwamba siuzi barabarani wala stendi. Mboga zitaenda genge moja analolifahamu mama, na kwenye nyumba za mtaa wetu ambazo wazazi wangu wanazijua. La pili, siingii ndani ya nyumba ya mteja. Mboga inakabidhiwa getini, na ninakwenda na mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14. La tatu, saa 12 jioni niwe nimerudi. La nne, kazi za likizo walizotupa shuleni zinatangulia, na yeye ndiye atakayezikagua kila Jumapili. Kisha akaandika sentensi moja akaipigia mstari mara mbili: "Hakuna dawa." Alimaanisha viuatilifu, dawa za kunyunyizia wadudu.

Mama naye alikuwa na lake. Akaniambia, "Mwanangu, kiwanja hiki ni changu na maji haya ni ya bili. Ardhi utanilipa kwa mboga, maji utalipa kwa hela." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Lile sharti la dawa lilipata kazi mapema kuliko nilivyotegemea. Likizo haijaanza vizuri, mtu mmoja wa mtaani mwenye shamba la nyanya kule mabondeni kwenye umwagiliaji alinisimamisha. Alitaka vijana wa kubeba bomba la mgongoni na kupulizia, shilingi 5,000 kwa siku, hela mkononi jioni. Kwangu zilikuwa hela nyingi mno. Nilimpelekea baba habari nikiamini atafurahi. Akaniambia niende naye tukamjibu pamoja, na njiani akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia darasani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Haimzuii mtoto kufanya kazi. Inaruhusu kuanzia miaka 14, lakini iwe kazi nyepesi, yaani isiyomdhuru afya wala kumzuia kukua vizuri, na isiyogusa masomo yake. Inamkataza kazi hatarishi hata kama amefika 17, na inakataza kumfanyisha kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Na anapofanya kazi ana haki ya kulipwa kwa thamani ya alichokifanya. Kupulizia dawa ni hatari ya wazi: dawa hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi, na kijana mwenye mwili mdogo anayevaa fulana na kandambili anapata sehemu kubwa kuliko mtu mzima aliyevaa koti, glavu na kifuniko cha uso. Baba alimwamkia yule mzee, akamshukuru kwa kunifikiria, akamwambia, "Kijana bado. Akifika miaka 18 na ukimpa vifaa, tutazungumza." Hawakugombana. Yule bwana aliendelea kutusalimia kama kawaida.

Nimeweka habari hii hapa kwa makusudi, kwa sababu mwisho wa simulizi kuna hesabu, na msomaji ataona kwamba siku mbili za bomba zingenipa zaidi ya faida ya mchicha wote. Ni kweli. Ndiyo maana kazi za namna ile huwapata vijana kirahisi.

Turudi kiwanjani. Niligawa matuta manne, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Upana huo una maana: ukichuchumaa upande mmoja mkono unafika katikati, kwa hiyo hukanyagi tuta hata siku moja, na udongo unabaki laini. Nikikumbuka nguvu yote niliyoitumia, nusu yake ilikwenda kwenye kulima kina cha jembe na kuvunja mabonge hadi udongo ukawa unapita katikati ya vidole. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya mchanga. Ikiangukia chini ya bonge, haitoki.

Samadi ilitoka kwa bibi, Old Moshi. Kule kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, ng'ombe hafunguliwi, analishwa zizini majani na vigogo vya migomba, na samadi inarundikwa nyuma ya zizi. Bibi alinifundisha kuchagua. Rundo jipya ukiingiza mkono ndani linachoma, na harufu inakupiga usoni, hilo liache. Ukiweka samadi hiyo kwenye mboga, joto lake linaunguza mizizi, mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zinaota zote, na uchafu wake unaweza kufika kwenye jani ambalo mtu atalila baada ya wiki nne. Lililokaa miezi mitatu na kuendelea linakuwa jeusi, la baridi, linamomonyoka mkononi, na linanuka udongo. Nilichukua magunia mawili ya hilo. Bibi hakunitoza. Nilimlipa mwenye pikapu 4,000 kuyashusha hadi Pasua, na bibi akaniongezea fungu la kamba za migomba za kufungia mboga, maana anajua nailoni mtaani siku hizi ni kesi. Kila tuta lilikula madebe mawili ya samadi, nikayachanganya na udongo wa juu.

Mbegu nilinunua duka la pembejeo mjini, pakiti ya gramu 50 kwa shilingi 3,000. Muuzaji aliniuliza kama nitang'oa au nitakata, na hilo swali ndilo lililonifumbua macho kwamba kuna namna mbili za kuvuna. Alinipa Madiira, mchicha wa majani mapana uliotokana na watafiti wa mboga wa Tengeru, Arusha, akasema huo unavumilia kukatwa na hauharakishi kutoa maua. Kwa hiyo mtaji wa mkononi ulikuwa 7,000, na baba alinikopesha. Neno "kunikopesha" lipo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kupanda kulifanyika wiki moja hivi kabla ya shule kufungwa, siku ya Jumamosi. Hapo ndipo nilipojinunulia muda. Nilisoma shule ya kutwa, kwa hiyo kumwagilia asubuhi kabla ya kwenda shule hakukuwa shida, na zile siku ambazo mbegu iko chini haina la kuangaliwa zilipita nikiwa darasani. Matuta mawili nilipanda siku hiyo, mawili nikayapanda baadaye kidogo, ili yote yasikomae pamoja. Mama wa genge hawezi kuuza mchicha wa matuta manne kwa jioni moja, na mchicha haungoji.

Namna ya kupanda ni hii. Unachora mistari ya kukata tuta, kila mmoja shubiri moja kutoka mwenzake. Unachukua kijiko cha mbegu unachanganya na vijiko kumi vya mchanga mkavu, ili mkono usimwage mbegu zote mahali pamoja. Gramu 10 hivi zinatosha tuta moja. Unatiririsha mchanganyiko kwenye mstari, unafunika kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita, unatandaza nyasi kavu juu, unamwagilia taratibu. Nyasi zinazuia maji kuzika mbegu na jua kukausha ganda la juu. Siku mbegu zinapochungulia, nyasi zinatolewa jioni, siyo mchana. Ukichelewa kuzitoa, miche inakuwa mirefu, myeupe, na inalala chini.

Sasa kuna jambo la Juni ambalo watu wa mikoa ya joto hawalijui. Masika yakishapita, Moshi hufunikwa na mawingu, mlima hauonekani siku nzima, na asubuhi unavaa sweta. Mchicha ni mmea wa joto. Mbegu ambayo Januari ingechungulia siku ya tatu au ya nne, Juni inachukua wiki. Zile wiki tatu za kwenye maelezo ya pakiti zinakuwa nne na ushee. Kama ningepanda siku shule inafungwa, ningevuna shule ikifunguliwa. Yeyote anayepanga kilimo cha likizo ya Juni ukanda wa Kilimanjaro au Arusha aongeze wiki moja juu ya anachoambiwa dukani.

Maji nilitumia ya bomba. Pembeni ya mtaa kuna mfereji, na mtu mmoja aliniambia ninapoteza hela kulipia bili wakati maji yanapita bure. Ila mfereji ule ukifika Pasua umeshapita kwenye vyoo, gereji na sehemu za kuoshea magari, na mchicha unaliwa jani lenyewe, lile lile lililomwagiwa. Nilitumia keni ya lita 10, keni mbili kwa tuta kila asubuhi isiponyesha. Keni 100 ni lita 1,000, yaani uniti moja ya bili. Nilikuwa naweka alama kwenye ukuta wa stoo kwa mkaa, na mwisho wa msimu zilifika uniti tatu. Kwa bili yetu ya wakati huo mama alihesabu 2,000 kwa uniti pamoja na makato, akanidai 6,000 bila huruma.

Miche ilipofikia urefu wa kidole, nilipunguza ile iliyobanana ili kati ya mche na mche iwepo nafasi ya vidole viwili. Tulikula iliyong'olewa. Ni kazi ya kuchosha mgongo na unaona unaua mali yako, ila usipopunguza, kila mche unapata jani dogo na shina refu, na hakuna mama anayenunua shina.

Wadudu walikuja kama ilivyotarajiwa. Viwavi wanaokunja majani kwa utando niliwaokota kwa mkono asubuhi, maana jua likiwaka wanajificha ndani ya mkunjo. Vidukari walikaa chini ya majani ya pembeni; kwa hao niliosha majani kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kisha kesho yake nikasuuza kwa maji matupu. Wachache walibaki. Jani lenye tundu moja mbili linauzika kwa anayekufahamu. Mama mmoja mteja wangu aliniambia tundu ndilo linalomtuliza, kwamba kiwavi amekula na hajafa.

Tatizo halisi lilikuwa tuta la tatu. Lilikaa karibu na mparachichi, na kivuli kilikaa hapo kila siku asubuhi. Siku moja niliona majani yana madoa ya manjano kwa juu. Nilipogeuza, chini kulikuwa na vipele vyeupe kama chokaa iliyomwagika. Bibi aliniambia kwa simu kwamba hiyo ni kutu nyeupe, na akauliza maswali mawili tu: je, ni sehemu yenye kivuli? Je, majani yanalala na maji? Yote ndiyo, maana kwa baridi ile umande wa tuta lile ulikuwa haukauki hadi karibu saa 5. Ugonjwa huo ni wa ukungu, unapenda ubaridi na unyevu, na unasambaa kwa vumbi lile jeupe linaporuka au kurushwa na matone ya maji.

Kwa kuwa dawa ilikuwa imekatazwa, lililobaki ni kung'oa. Niling'oa kila mche wenye vipele, nikauweka kwenye gunia pale pale ili usipukutike juu ya mingine, nikaufukia mbali. Mingine ya tuta hilo nikaivuna ikiwa midogo kabla haijaambukizwa. Kutoka hapo nikamwagilia chini ya shina badala ya kumimina juu ya majani, nikakata tawi moja la mparachichi kwa ruhusa ya mama. Tuta lile, lililopaswa kutoa mafungu 20 na zaidi, lilitoa 9. Matuta mengine matatu yalipona, nadhani kwa sababu yalipata jua la asubuhi.

Kuvuna ndiko kulikotaka saa. Jani la mchicha likikatwa linaanza kupoteza maji hapo hapo. Ukilivuna saa 6 mchana, saa 9 limelala na bei imelala nalo. Wanunuzi wa gengeni kwetu huja kuanzia saa 11 wakitoka kazini. Kwa hiyo nilivuna saa 10, jua limepoa, nikaosha mizizi udongo utoke, nikafunga mafungu ya gramu 300 hivi kwa kamba za migomba, nikayasimamisha ndani ya beseni lenye maji kidogo chini kabisa, na kuyafunika kwa kitambaa kilicholowa. Saa 11 kasoro yalikuwa gengeni. Kipimo nilikipata kwa kuazima mizani ya duka mara moja. Baada ya hapo mkono ulizoea.

Mama wa genge alinunua fungu kwa 300 akaliuza 500. Mwanzoni nilinung'unika moyoni kuhusu hiyo 200. Halafu nikaona yeye ndiye anayekaa pale hadi saa 2 usiku, na lisilouzika linanyauka mikononi mwake, siyo mwangu. Tulichovutana ni malipo. Alitaka mali kauli, yaani nimwachie mboga na anilipe akishauza. Mama yangu ndiye aliyezungumza naye, mimi nimesimama pembeni. "Dada, huyu ni mtoto, ana deni la baba yake," mama alisema. "Nusu mpe leo, nusu kesho akileta nyingine." Wakakubaliana hivyo, na kila fungu likaandikwa kwenye daftari lake na langu. Kuna jioni moja madaftari yalitofautiana mafungu mawili. Tukahesabu pamoja, tukagawana tofauti.

Kwenye nyumba za mtaani niliuza 400, nafuu kuliko genge kwa mnunuzi na bora kuliko genge kwangu. Lakini nyumba moja inataka fungu moja, mara mbili kwa wiki, na mguu unachoka. Wateja waliotaka kulipa kwa simu walituma kwa namba ya mama. Mimi sikuwa na laini, na hata ningekuwa nayo baba alishasema namba ya mtoto haigawiwi kwa kila anayenunua mboga. Mara moja mteja mgeni, aliyehamia karibuni, alimwambia mdogo wangu aingie jikoni aiweke mwenyewe. Mdogo wangu akajibu, "Shikamoo, naiacha hapa getini," akaiweka chini, akarudi nyuma. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu. Pengine yule mtu hakuwa na nia mbaya. Sharti halikuwekwa ili tumhukumu mtu. Liliwekwa ili tusilazimike kukisia.

Matuta mawili ya kwanza niliyang'oa yote, yakatoa mafungu 44. La nne nililikata, nikiacha shina la vidole vinne juu ya ardhi pamoja na vichipukizi vya chini. Kukata kunatoa kidogo zaidi kwa mara ya kwanza, mafungu 15 badala ya 22, ila baada ya siku kumi hivi linachipua na kukatwa tena. Pamoja na yale 9 ya tuta la kutu, nilipata mafungu 68. Mama alichukua 8 ya ardhi yake. Yaliyobaki 60 yaligawanyika hivi: 36 gengeni, sawa na 10,800, na 24 majumbani, sawa na 9,600. Jumla 20,400.

Kisha baba akaniketisha tukapiga hesabu. Deni lake la mbegu na pikapu, 7,000. Maji ya mama, 6,000. Nikadhani tumemaliza. Akauliza, "Na aliyekuwa anatembea na wewe kila jioni?" Nikasema yule ni mdogo wangu. "Alifanya kazi au hakufanya?" Nikamlipa 2,000. Zikabaki 5,400 zangu, za mwezi mzima na siku kadhaa za Mei. Baba hakusema kitu kuhusu kiasi hicho. Mama ndiye aliyesema kwamba mchicha wa tuta la nne bado uko hai, na shule inafunguliwa Jumatatu.

Hilo lilikuwa swali ambalo sikuwa nimeliandika kwenye ule ukurasa: kinachoendelea kukua baada ya likizo ni cha nani kukihudumia? Nilitaka kuamka alfajiri na kuvuna kabla ya shule. Baba alikataa, kwa sababu muhula wa pili wa kidato cha pili una mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Tukakubaliana mama alikate tuta hilo mara mbili, apeleke gengeni, tugawane nusu kwa nusu. Alipata mafungu 22, shilingi 6,600, akanipa 3,300. Mara ya tatu mchicha ulikuwa umeanza kutoa maua na majani yamekuwa magumu, akang'oa yote akawapa kuku wa jirani. Kwa hiyo msimu mzima uliniachia 8,700. Njumu za Memorial zilikuwa 12,000.

Desemba nilirudia, na mambo yalibadilika karibu yote. Joto lilifanya mchicha ukomae upesi, wiki tatu kamili, kwa hiyo sikuhitaji kupanda kabla ya kufunga shule. Kutu nyeupe haikuonekana tena. Tuta la kivulini niliacha mama aanikie nguo zake. Lakini mvua za vuli zilifanya kila ua mtaani liwe na mchicha, mwingine umejiotea wenyewe, na mama wa genge akanishushia bei hadi 200 bila kupepesa macho. Nilipunguza hadi matuta mawili, na kwenye lile lililobaki nikapanda miche ya sukuma niliyoiotesha kwenye kitalu kidogo tangu Novemba, kwa kuwa sukuma huchumwa jani moja moja na hubaki bei yake hata mvua ikinyesha. Maji ya bili yalishuka hadi uniti moja. Safari hii deni la baba lilikuwa la mbegu tu, maana bibi alikuja mwenyewe na samadi kwenye gari la ndugu, akakagua matuta kabla hata hajaingia ndani kunywa chai, akaniuliza nani alinifundisha kuacha nafasi ya vidole viwili.